Anga Lenye Ngazi

"Kaka, hili anga umelitoa wapi? Mbona lina ngazi?"

Simu ya mtu wa rangi ilinikuta saa nne usiku, siku ya pili tangu nimpelekee diski ya filamu yetu fupi. Shoti anayoilalamikia ni ya jioni ufukweni Bagamoyo: jahazi moja kwa mbali, na juu yake anga tupu lisilo na wingu. Kwangu, wakati wa kuhariri, anga hilo lilikuwa laini kabisa. Kwake, alipoongeza kontrasti kidogo tu, likakatika vipande vipande vya rangi vilivyopangana kama madaraja ya msikiti.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la herufi moja.

Kamera yetu hurekodi kwa H.265, ambayo kazi yake ni kubana picha ziingie kwenye kadi ndogo. Inafanikiwa kwa kuandika fremu chache tu kwa ukamilifu. Zilizo katikati yake huandikiwa kile kilichobadilika, basi. Ni kama daftari la mkopo la dukani ambalo mwenye duka ameandika "kama jana" kila siku: ukitaka kujua mteja alichukua nini Alhamisi, sharti urudi hadi Jumatatu. Programu ya kuhariri ukiirusha katikati ya shoti nayo hurudi nyuma hivyo hivyo, ndipo feni ya laptopu inapoanza kulia.

Kwa hiyo kabla ya kuhariri, watu wengi huzigeuza faili za kamera ziwe kodeki ya kati, ambayo kila fremu yake imejitosheleza. Familia mbili ndizo zimeshika soko: DNxHD ya Avid, iliyotoka 2004 na baadaye ikazaa DNxHR kwa picha kubwa zaidi, na ProRes ya Apple, iliyotoka 2007. Gharama yake ni nafasi. Picha ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, katika ProRes 422 HQ hula takriban megabiti 184 kila sekunde, yaani kama gigabaiti 83 kwa saa moja. Na kugeuza hakuongezi ubora hata chembe. Unachonunua kwa nafasi hiyo ni wepesi wa kufanya kazi, na picha inayochakaa kidogo sana kila inapohama kutoka programu moja kwenda nyingine.

Kompyuta zetu zote ni za Windows, nikachagua DNxHR. Kwenye orodha nikaona HQ, nikabonyeza. Kichwani mwangu HQ ilikuwa ile ya ProRes, ambayo hutunza biti 10. Kumbe HQ ya DNxHR ni ya biti 8. Ya biti 10 au 12 inaitwa HQX. Mbaya zaidi, faili za HQ na HQX zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo hata ukizipima kwa gigabaiti hutashtuka.

Biti mbili zinaweza kuonekana kitu kidogo. Biti 8 hutoa ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga, na biti 10 hutoa 1024. Kwa picha iliyokwisha kupakwa rangi, 256 mara nyingi hutosha. Yetu ilikuwa bado mbichi, imerekodiwa kwa S-Log3, mpangilio unaobana mwanga wote wa jua na kivuli upate kuenea kwenye faili. Humo, kijivu cha kati kinakaa kwenye namba 420 kati ya zile 1024, na karatasi nyeupe kwenye 598. Anga letu lote, kutoka upeo wa bahari hadi juu ya fremu, lilikuwa limejibana kama kati ya 470 na 540. Hizo ni ngazi 70. Ukizishusha kwenye biti 8 zinabaki kama 17.

Sasa zitandaze ngazi 17 kwenye nusu ya juu ya picha, mistari 540: kila ngazi inakuwa na unene wa mistari kama 30. Mtu wa rangi anapovuta kontrasti, umbali kati ya ngazi na ngazi unakua, na jicho linaona kingo. Kwa ngazi 70 kila moja ingekuwa chini ya mistari 8, na chenga ndogo za kamera yenyewe zingezificha. Kwenye chati ya mwanga ya programu ya rangi jambo hilo huonekana mapema zaidi: mahali pa ukungu mwororo unaona mistari myembamba iliyoachana, kama meno ya kitana.

Siku hizi siitoi diski mezani kabla ya kuuliza faili yenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=profile,pix_fmt shoti_042.mov
```

Jibu likiwa na `pix_fmt=yuv422p`, ni biti 8. Likiwa `yuv422p10le`, ni biti 10. Usiku ule lilikuwa la kwanza. Bahati ni kwamba kadi za kamera hazikuwa zimefutwa. Niligeuza upya kwa HQX, majina yale yale na taimukodi ile ile, akaziunganisha na mpangilio wa mhariri bila kugusa mkato hata mmoja. (Kama kamera yenyewe ingekuwa imerekodi biti 8, HQX isingeliokoa anga hilo. Ngazi ambazo hazikurekodiwa haziumbwi na kodeki.)

Shoti hiyo hiyo ilikuwa na safari nyingine. Hadithi ni ya miaka ya sitini, na nyuma ya minazi umechomoza mnara wa simu. Kwa mtu wa efekti hatukupeleka HQX. Tulimpa EXR, aina ya faili iliyobuniwa Industrial Light & Magic na kutolewa kwa umma 2003. Hapa kila fremu ni faili yake, na mwanga huandikwa kwa namba za desimali za biti 16 badala ya ngazi za namba kamili. Shoti ni ya sekunde 4, fremu 100, na tukaongeza 8 kila upande ili mhariri akitaka kusogeza mkato asikwame. Bila kubanwa, fremu moja ni kama megabaiti 12.4, kwa hiyo zote 116 ni kama gigabaiti 1.4. Kwa filamu nzima ni wendawazimu, kwa shoti moja si kitu. Isitoshe, umeme ulikatika akiwa kwenye fremu ya 71. Aliporudi alianzia hapo hapo. Ingekuwa faili moja ya MOV isiyofungwa vizuri, pengine angeanza upya.

Kazi iliporudi, niliiweka juu ya shoti ya asili na kuchagua `Difference`, inayotoa picha moja kwenye nyingine. Palipofanana panapaswa kuwa peusi. Mara ya kwanza skrini nzima iling'aa kijivu: EXR huwa na mwanga wa mstari mnyoofu, na mimi nilikuwa nailinganisha na S-Log3. Nikairudisha kwenye S-Log3. Bahari ikazima, jahazi likazima, anga likazima. Kilichobaki kikiwaka juu ya minazi ni umbo la mnara peke yake.