Bawasiri Baada ya Kujifungua

Mama anaposukuma mtoto huku amebana pumzi, damu hujaa kwenye mishipa ya njia ya haja kubwa, ambayo ujauzito umekwisha kuilegeza. Ndiyo maana kesho yake huenda akagusa kinyama laini kilichovimba, kinachowasha na kuuma akikaa. Mara nyingi bawasiri hii hunywea yenyewe baada ya wiki chache.

Siku za mwanzo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi hupunguza uvimbe. Kisha akalie beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku. Yawe ya uvuguvugu kweli, kwani maji ya moto ya kukandia huunguza ngozi, hasa penye mshono.

Kinachoirudisha ni choo kigumu, na vidonge vya kuongeza damu huweza kukikaza. Asiviache, anywe maji, ale papai, maharage na mboga, na asijikamue chooni. Isipotosha, aombe kliniki dawa ya kulainisha choo inayomfaa anayenyonyesha.

Uvimbe ukiwa mgumu ghafla, wa zambarau na wenye maumivu makali, damu imeganda ndani: aende hospitali siku hiyohiyo. Vilevile damu ikitoka kwa wingi, au akipata homa.