Dirisha Linalobana Herufi

Tafuta kipande kifupi kabisa cha neno KABAKA chenye A mbili na K moja. Kompyuta huanza na deni: A 2, K 1. Ukingo wa kulia husogea, kila herufi inayotakiwa ikipunguza deni, hadi KABA, ambapo deni limekwisha. Sasa ukingo wa kushoto hubana. K ikitoka deni hurudi, basi kulia huendelea: ABAK, bado herufi nne. A ikitoka, kulia huongeza nyingine: BAKA. B ikiondoka deni halirudi. Inabaki AKA, herufi tatu. Anayeangalia tu kama herufi ipo, bila kuhesabu, atadanganyika na KA. Kinachonivutia ni kwamba kingo hazirudi nyuma: kila herufi huingia mara moja, na ikitoka haingii tena.