Usimwonee mwenzi wako aibu ya choo

Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, pale Bomang'ombe, nilijibana. Chumba kimoja, choo ubavuni, mume wangu anasikia kila kitu! Kila nikimaliza mtori wa asubuhi tumbo liliniita, nami najifanya sijasikia. Siku ya tano nilikaa chooni mpaka jasho likanitoka. Bure!

Mpenzi msomaji, wito ule una sababu. Mfuko wa chakula ukijaa, mishipa ya fahamu huuambia utumbo mpana usukume. Kinyesi kikiingia kwenye puru na kuitanua, msuli wa ndani wa njia ya haja hulegea wenyewe. Wa nje tu ndio unaoutawala wewe. Ukiubana, muda si mrefu hamu inapotea. Lakini mzigo umebaki, utumbo unaendelea kunyonya maji yake, nao unakuwa mgumu. Ukiendekeza mchezo huo, puru inazoea kutanuka na wito unafifia.

Nilifanyaje? Nilimwambia mume wangu ukweli. Akacheka, akafungulia redio. Siku hizi nikishakunywa chai, ndani ya nusu saa nakwenda, miguu juu ya kigoda, bila kujikamua. Ukiona damu, usingoje, muone daktari.