Msambazaji aliyezoea malipo ya kuchelewa hawezi kukugeuka ghafla

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Kongowea. Mkataba wako na msambazaji wa simiti unasema ulipe kwa siku 14. Kwa miezi 10 umekuwa ukilipa siku ya 30, naye anapokea bila kunung'unika na kukuletea mzigo mwingine. Mara, siku ya 15, asimamisha mzigo na kudai faini za miezi yote iliyopita.

Nionavyo mimi, sheria haimpi nafasi hiyo. Mahakama za Kenya hufuata kanuni iliyotokana na kesi ya Hughes, Uingereza, mwaka 1877: ukimfanya mwenzako aamini hutashikilia haki yako kikamilifu, naye akapanga mambo yake kwa imani hiyo, huwezi kumgeuka ghafla. Kwa hivyo faini za nyuma hazidai tena, na ankara ya sasa ingoje siku 30.

Lakini deni lenyewe liko pale pale. Kilichosamehewa ni kuchelewa. Tena msambazaji anaweza kurudi kwenye siku 14, mradi akupe ilani yenye muda wa kutosha kujipanga. Na kinga hii hudhoofika ikiwa kila mara alipokea huku akilalamika, au mkataba unasema kuvumilia si kusamehe.

Nakushauri uhifadhi risiti na jumbe zake za simu. Mbele ya hakimu, mazoea ya miezi 10 huthibitishwa kwa tarehe.