Rangi Ikijikusanya Kwenye Nyufa za Midomo

Julai ya Dodoma ina upepo wake. Nguo iliyofuliwa jioni huamka imekauka kau, na midomo nayo hukauka vivyo hivyo. Ilikuwa siku ya sendofu, na bibi harusi niliyempamba alikuwa amekuja na lipstiki yake mwenyewe: mati ya maji, rangi ya divai. Nilimpaka, ikakaa vizuri, tukapiga picha mbili tatu nyumbani. Baada ya saa moja akanishika mkono. "Dada, mbona imekatika?"

Nikasogeza taa. Katikati ya mdomo wa chini palikuwa na mistari mitatu ya wima, rangi imejikusanya ndani yake hadi ikawa kama wino. Kando ya mistari hiyo vijigamba vya ngozi vilikuwa vimenyanyuka, kila kimoja kimebeba rangi yake. Upande wa ndani, pale midomo inapogusana na mate, rangi ilikuwa imebanduka yote.

Wengi huilaumu lipstiki. Siku ile kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilipaka rangi juu ya midomo ambayo sikuiandaa.

Ngozi ya midomo si kama ya shavu. Tabaka lake la juu ni jembamba mno, halina tezi za jasho, na halina mafuta ya kutosha ya kulilinda, kwa hiyo maji yaliyomo hutoka upesi. Mtu akihisi ukavu hulamba midomo, na hapo ndipo anapoharibu zaidi: mate hukauka haraka, yakaondoka na unyevu uliokuwepo, na vimeng'enya vyake vinavyosaga chakula huichokoza ngozi. Ngozi iliyokauka hukakamaa, na mtu akicheka inapasuka pale inapojikunja.

Sasa fikiria unapaka nini juu ya ngozi ya namna hiyo. Karibu kila lipstiki ya kijiti ina nta, mafuta na rangi, na tofauti ya mng'ao inatokana na kiasi cha kila kimoja. Glosi ni mafuta mazito kwa sehemu kubwa, rangi kidogo tu. Hujaza mifereji ya mdomo na kuusawazisha uso wake, ndiyo maana mdomo huonekana umelowa na mwanga hurudi kama kwenye kioo. Kwa mdomo mkavu glosi ina huruma, ila haikai: ukinywa chai imebaki kikombeni, na upepo ukivuma nywele zinanasa. Ukiipaka nyingi hukimbilia mistari iliyo juu ya mdomo.

Satini ina mafuta ya kutosha kujikunja pamoja na ngozi, na rangi ya kutosha kuonekana mbali. Mng'ao wake ni wa kitambaa, si wa kioo. Mati nayo imepunguziwa mafuta na kuongezewa unga, hivyo mwanga ukiipiga hutawanyika, na kila bonde na kilima kwenye mdomo huonekana. Mati nyepesi zenye unga mweupe mwingi ndizo zinazonisumbua zaidi kwenye ngozi zetu nyeusi, kwani hujipanga ndani ya nyufa kama mistari ya chaki.

Mati ya maji ni jambo jingine kabisa. Rangi yake imechanganywa na kimiminika kinachoruka hewani muda mfupi baada ya kupakwa, na kinachobaki ni utando mwembamba uliong'ang'ania ngozi. Ndio unaofanya rangi ivumilie wali na soda. Lakini utando huo haunyumbuki kama ngozi inavyonyumbuka. Ukikaa juu ya kijigamba kilicholegea, umeshika kijigamba, haujashika mdomo. Kijigamba kikiondoka, kinaondoka nao.

Kwa hiyo mati inataka kitu kinachoonekana kama ukinzani: mdomo uliolainika ndani, lakini usio na mafuta juu. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Ama hatupaki mafuta kabisa, ama tunapaka dakika moja kabla ya lipstiki, na utando unashindwa kushika. Utaijua hali hiyo ukigusa kwa kidole baada ya dakika tano na rangi bado inatoka.

Maandalizi huanza usiku. Paka mafuta ya mgando, tabaka linaloonekana, ulale nayo. Asubuhi lowesha kitambaa laini kwa maji ya vuguvugu, kiweke juu ya midomo kwa dakika mbili, kisha sugua taratibu kwa kuzungusha. Kinachotoka chenyewe ndicho kilichokuwa tayari kutoka. Kinachogoma kiache, wala usikivute kwa meno au kucha. Sukari laini iliyochanganywa na matone ya mafuta ya nazi nayo husaidia, mara moja kwa wiki inatosha, ila kamwe si kwenye mdomo uliochanika.

Siku ya kupambwa, mafuta ya mdomo yawe kitu cha kwanza kupakwa, kabla ya nyusi na macho. Yatapata dakika 15 hadi 20 za kufanya kazi wakati unaendelea na mengine. Kisha chukua tishu, bana midomo juu yake, itazame. Ikiwa na doa linalong'aa, rudia kwa upande mwingine wa tishu. Ikitoka bila doa, mdomo uko tayari.

Nikirudi kwa bibi harusi wangu: sikuongeza rangi juu ya ile iliyokatika, maana tabaka la pili juu ya utando uliovunjika huleta uvimbeuvimbe tu. Niliitoa kwa pamba yenye mafuta ya nazi, nikiituliza kwanza ili ilegee badala ya kuisugua. Ufa mmoja ulikuwa na damu kidogo, hivyo sukari nikaisahau. Kitambaa cha vuguvugu, mafuta ya mgando, tukasubiri dakika 15 huku shangazi yake amesimama mlangoni na mtandio mkononi. "Watu wameshakaa ukumbini, mwanangu," akaniambia. Nikamwomba anivumilie, akanivumilia.

Nilijaza mdomo wote kwa penseli ya rangi ileile ya divai, ili hata rangi ya juu ikipungua pasibaki uwazi. Juu yake nikapaka satini ya kijiti kwa brashi, kidogo sana, mdomo ukiwa wazi kiasi na umelegea. Ukibinua midomo, mikunjo hujificha na kubaki bila rangi. Nikabana tishu, nikaongeza tabaka la pili jembamba. Kwa kuwa alitaka mati, niliweka tishu ya karatasi moja juu ya midomo na kugusisha poda pembezoni tu. Katikati, penye nyufa, nikapaacha na mafuta yake.

Nilimkataza na ile mafuta ya mdomo yenye mnanaa aliyokuwa nayo mkobani. Mchomo wake hudhaniwa kuwa dawa, kumbe mnanaa na kafuri huweza kuichokoza ngozi iliyochanika. Nyufa za kwenye pembe za mdomo zisizopona, au baka gumu kwenye mdomo wa chini linalokaa zaidi ya wiki 3, hasa kwa mwenye ualbino, hizo si kazi ya mpambaji. Apelekwe kwa daktari wa ngozi.

Harusi yenyewe ilikuwa wiki 2 baadaye. Alipaka mafuta ya mgando kila usiku na kuacha kulamba midomo. Asubuhi ile nilimbanisha tishu, nikaitazama dirishani, haikuwa na doa wala kijigamba. Nikaifungua ile mati yake ya divai na kupaka tabaka moja.