Kutoka Lundo la Barua Pepe hadi Hati ya Makabidhiano

Hati ya makabidhiano humweleza anayepokea mradi mambo yalipofika, si jinsi mjadala ulivyokwenda. Kwa hiyo mnyororo wa barua pepe husomwa tangu ya kwanza kwa mpangilio wa tarehe, lakini hati huanza na hali ya leo.

Katika kusoma, hutolewa mambo matatu tu: yaliyoamuliwa, yaliyoahidiwa na yasiyojibiwa. Tuseme ni mradi wa kuchimba kisima cha shule. Tarehe 3 Machi mkandarasi alipendekeza mita 80; tarehe 19, baada ya upimaji, mhandisi aliidhinisha mita 110. Hati huandika: “Kina: mita 110, kimeidhinishwa na mhandisi, barua ya 19 Machi.” Zile mita 80 hutajwa kwa sentensi moja tu, kwa sababu ankara ya zamani bado inazitaja na mgeni angeweza kuilipa.

Kosa la kawaida hutokea mtu anapojibu barua ya zamani. Mnyororo hugawanyika, na uamuzi hubaki kwenye tawi ambalo wengine hawakupata nakala yake. Dalili yake ni jibu linalotaja jambo lisiloonekana juu yake. Hapo hutafutwa kwa jina la mhusika, si kwa kichwa cha barua.

Kila ahadi huandikwa na mwenye kuitimiza pamoja na tarehe. Makubaliano ya simu hayamo kwenye barua. Anayeondoka huulizwa kabla hajaaga.