Kuchagua Tamthilia za Runinga Zenye Vipindi Vinavyojitegemea

Mwanafunzi wa bweni hutazama runinga Jumamosi moja akaikosa inayofuata. Mwalimu wa zamu naye huitwa kipindi kikiwa katikati. Watazamaji wa aina hii hawawezi kuufuata msuko mmoja kwa wiki kumi, hivyo huwafaa zaidi tamthilia ya mkusanyiko. Uhusiano wake na tamthilia ya mfululizo ni kama ule wa diwani ya hadithi fupi na riwaya.

Hata hivyo, jina hilo hubeba vitu viwili. Katika The Twilight Zone (1959-1964), kila kipindi kina wahusika, mandhari na hitimisho lake. Katika True Detective (2014), kinachobadilika ni msimu. Vipindi vinane vya msimu wa kwanza ni kisa kimoja cha upelelezi, na anayeanzia cha tano atapotea. Vioja Mahakamani ya KBC si mkusanyiko hasa, kwani maafisa wa mahakama ni wale wale, lakini kesi aghalabu huisha papo hapo. Mtazamaji wetu hapotezi kitu.

Je, utaitambuaje inayofaa? Linganisha waigizaji wakuu wa vipindi viwili vinavyofuatana, kisha utazame kipindi cha katikati ya msimu. Usijaribu kwa kipindi cha kwanza, maana hicho hueleweka katika tamthilia yoyote. Kikianza kwa muhtasari wa yaliyotangulia, au kikikatizwa penye taharuki, tafuta nyingine.

Tuchukue "Time Enough at Last", kipindi cha nane cha The Twilight Zone. Henry Bemis, karani wa benki, anapenda kusoma lakini mkewe na mkubwa wake kazini hawamwachi. Siku moja anajificha katika chumba cha kuhifadhia fedha ili asome, na bomu linauangamiza mji. Anabaki peke yake, anazikuta rundo za vitabu vya maktaba, na papo hapo miwani yake inaanguka na kuvunjika. Mgogoro, kilele na kinaya vimekamilika kwa dakika 25 hivi, na somo la dakika 40 linabakiza nafasi ya mjadala. Ila msuko mfupi hausamehe: aliyekosa dakika tano za mwanzo hakuona jinsi Bemis alivyonyimwa kusoma, na miwani ile kwake ni kioo tu.

Kwa hiyo angalia urefu wa kila kipindi, si wa tamthilia kwa jumla. Msimu wa nne wa The Twilight Zone una vipindi vya saa nzima, na "Hated in the Nation" ya Black Mirror hukaribia dakika 90. Black Mirror ina mtego mwingine pia: "USS Callister: Into Infinity" (2025) inaendeleza "USS Callister" ya 2017, ingawa vipindi vingine karibu vyote hujitegemea.

Anayetaka visa vya Afrika atazame African Folktales, Reimagined (2023). Ni filamu fupi sita, kila moja na mwongozaji wake, zikiwemo "Katope" ya Tanzania na "Anyango and the Ogre" ya Kenya. Unaweza kuanza na yoyote.